Bei ya simu mpya inaposhuka, mapato nikadirieje?

SWALI: Nina duka la simu Singida mjini. Januari naleta toleo jipya la simu janja, bei Sh200,000. Nikiuza 400 kwa mwaka, si nitapata Sh80 milioni?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Bei ya simu hushuka kadiri washindani na toleo linalofuata wanavyoingia sokoni. Gawa mwaka kwa robo, kila robo uipe bei yake na idadi yake.

Tuseme bei itakwenda Sh200,000, 180,000, 155,000 na 130,000. Kwa Singida, wateja wengi hushika fedha baada ya kuvuna alizeti, hivyo idadi iwe 60, 90, 170 na 80. Jumla ni Sh64.95 milioni, pungufu kwa Sh15.05 milioni. Pengo ni kubwa kwa sababu simu nyingi zitauzwa bei ikiwa imeshashuka.

Mwenendo wa bei usiubuni: fungua daftari la mauzo uone toleo lililopita lilishukaje mwezi kwa mwezi. Tena usiagize zote Januari. Simu uliyoinunua Sh150,000, ukiiuza Desemba kwa 130,000, ni hasara.