Ovaroli Inayokutosha: Pima Kimo na Kifua, Kisha Uiname

Mjengoni, kwenye mashamba ya maembe ya Makueni na penye mashine za kupura ndengu Kitui, ovaroli nyingi huharibika mahali pamoja: msambani. Mfanyakazi huchuchumaa kuinua mfuko wa saruji, nguo hulia chwaa, na ovaroli iliyonunuliwa juzi inarudi kwa fundi. Mara nyingi lawama huenda kwa kitambaa au uzi. Ukweli ni kwamba nguo ilikuwa fupi kati ya bega na msamba, ingawa ilimtosha kifuani na miguuni.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kuwapa mavazi ya kujikinga yanayofaa wafanyakazi ambao kazi yao inawaweka kwenye maji au vitu vya kudhuru. Ovaroli inayopanda hadi juu ya buti kila mtu anapoinama inaacha ngozi wazi kwa dawa ya kunyunyizia au saruji mbichi. Ile inayoning'inia nayo inaweza kushikwa na mkanda wa mashine au shafti ya trekta inayozunguka. Kwa hivyo saizi ni sehemu ya kinga yenyewe.

Kwa nini ovaroli si kama shati na suruali

Mtu aliyevaa shati na suruali anapoinama, shati huchomoka kiunoni na suruali huteremka kidogo nyuma. Nguo hizo mbili huachana ili mgongo upate nafasi. Ovaroli imeshonwa kipande kimoja, kwa hivyo haina pa kuchomokea. Mgongo unaporefuka kwa kuinama, nguo yote huvutwa: mabega yanakandamizwa, msamba unabana na miguu ya nguo inapanda.

Ndiyo maana vipimo viwili ni vya lazima. Kifua huamua upana wa nguo. Kimo huamua urefu wake, na hasa urefu wa kiwiliwili. Herufi kama M, L au XL haitoshi peke yake, kwa sababu watu wawili wenye kifua kimoja wanaweza kupishana kimo kwa zaidi ya nusu futi.

Kiwango cha kimataifa cha mavazi ya kujikinga, ISO 13688, kinafuata fikra hiyo hiyo. Nguo iliyotengenezwa kwa kiwango hicho huwa na lebo yenye mchoro wa mtu na vipimo vya mwili, kwa mfano kimo na kifua. Vipimo hivyo ni vya mwili wa mvaaji, si vya kitambaa. Mwenye kifua cha sentimita 100 atafute lebo yenye 100, wala asiongeze kitu; nafasi ya kujipinda tayari imewekwa na mtengenezaji.

Wanaonunua ovaroli za mitumba wawe macho na namba. Nguo ya kutoka Marekani yenye 42 huhesabu kifua kwa inchi, na neno REG au TALL linaloifuata linaonyesha kama ni ya mtu wa kimo cha kawaida au mrefu. Nguo ya wanaume kutoka nchi nyingi za Ulaya yenye 52 kwa kawaida huonyesha nusu ya kifua kwa sentimita, yaani kifua cha 104. Nguo hizo mbili zinakaribiana kwa upana, ingawa namba zake zinaonekana kutofautiana sana.

Namna ya kupima

Kimo hupimwa bila viatu. Mtu asimame akiegemeza visigino na mgongo ukutani, kitabu kiwekwe bapa kichwani, na alama ichorwe ukutani chini ya kitabu.

Kifua hupimwa kwa utepe wa fundi unaopita chini ya makwapa na juu ya sehemu pana zaidi ya kifua, ukiwa sawa mbele na nyuma. Mtu apumue kama kawaida, mikono ikiwa chini. Avae fulana au shati atakalovaa ndani ya ovaroli akiwa kazini, kwa kuwa anayevaa sweta asubuhi ya baridi ya mwezi wa Julai atahitaji nafasi zaidi. Kwa mtu ambaye nyonga zake ni pana kuliko kifua, na wanawake wengi wako hivyo, nyonga pia zipimwe, na kipimo kikubwa ndicho kitumike kuchagua upana.

Kipimo cha tatu ni mzunguko wa kiwiliwili, nacho ndicho kinachofichua kosa. Anza katikati ya bega, teremsha utepe mbele, upitishe kati ya miguu, uupandishe mgongoni hadi ulipoanzia. Usiukaze. Kisha pima ovaroli yenyewe ikiwa imetandazwa mezani: kutoka bega hadi msamba upande wa mbele, kisha kutoka msamba hadi bega upande wa nyuma, na ujumlishe. Nguo inapaswa kuuzidi mwili kwa sentimita 10 hadi 15. Kifuani, tandaza nguo, pima kutoka kwapa hadi kwapa na uzidishe kwa mbili. Ziada ya sentimita 20 hivi juu ya kifua cha mtu inatosha kazi nyingi za kuinua na kunyoosha mikono.

Mfano wa watu wawili

Tuseme mwajiri ana wafanyakazi wawili, wote wenye kifua cha sentimita 100. Mmoja ana kimo cha sentimita 165 na mzunguko wa kiwiliwili wa 157. Wa pili ana kimo cha sentimita 183 na mzunguko wa 170. Wote wanapewa ovaroli yenye herufi L, ambayo kifua chake ni 120 na mzunguko wake ni 172.

Kifuani wote wana ziada ya sentimita 20, kwa hivyo wakisimama wima wanaonekana wamepata. Yule mfupi ana ziada ya sentimita 15 katika kiwiliwili, na anahitaji tu kupindwa miguu ya nguo. Yule mrefu ana sentimita 2 pekee. Akiinama kuchukua mtungi wa maji wa lita 20, nguo itamshika mabegani na msambani kwa pamoja.

Mwajiri akiona hivyo, wazo la kwanza huwa kumpa XXL. Tuseme hiyo ina kifua cha 136 na mzunguko wa 182. Sasa ana ziada ya 12 katika kiwiliwili, lakini kifuani ana 36. Mikono inapwaya na tumbo la nguo linatangulia mbele yake. Penye mashine ya kupura ndengu au ya kusaga unga, nguo hiyo ni hatari kuliko ile iliyombana. Tena ovaroli ambayo msamba wake umeteremka sana humzuia mtu kupanua hatua, kwa sababu mapaja hufungwa pamoja na kitambaa. Anayepanda lori au ngazi atalihisi jambo hilo mara moja. Nguo kubwa zaidi si lazima impe mtu uhuru zaidi.

Tiba yake ni kutafuta ovaroli ya watu warefu yenye upana ule ule wa kifua. Ikikosekana, fundi anaweza kuirefusha ile ya L. Anaikata kiunoni na kuingiza mkanda wa kitambaa wa sentimita 6 kuzunguka kiuno chote. Kwa kuwa mkanda huo unapita mbele na nyuma, mzunguko wa kiwiliwili unaongezeka sentimita 12, na ziada ya mfanyakazi inatoka 2 hadi 14. Ikiwa nguo ina zipu, zipu ndefu zaidi itahitajika. Ikiwa ya vifungo, kifungo kimoja kitaongezwa. Mikono na miguu nayo iangaliwe, maana mkanda wa kiunoni hauirefushi.

Kujaribu kabla ya kulipa

Vaa ovaroli pamoja na buti za kazi, funga zipu hadi juu, kisha fanya mambo manne. Chuchumaa kabisa. Inama kana kwamba unainua mfuko kutoka chini. Nyoosha mikono yote miwili juu ya kichwa. Mwisho jikumbatie, kila kiganja kikishika bega la upande wa pili.

Wakati wa kuchuchumaa, mguu wa nguo usipande juu ya shingo ya buti. Wakati wa kuinama, bega lisikandamizwe na msamba usivute. Mikono ikiwa juu, ncha ya mkono wa nguo inaweza kurudi nyuma kidogo, lakini isikimbilie katikati ya kigasha. Ukijikumbatia na mgongo ukakaza kama ngoma, upana hautoshi. Ovaroli nzuri huwa na mikunjo miwili mgongoni karibu na mabega, inayofunguka unaponyoosha mikono na kujifunga unaposimama, pamoja na lastiki nyuma ya kiuno. Nguo ya namna hiyo hutoa nafasi bila kupwaya.

Jambo moja lisisahaulike: pamba tupu hunywea inapofuliwa mara ya kwanza. Ovaroli yenye mzunguko wa 172 ikinywea kwa asilimia 3, inapoteza zaidi ya sentimita 5, na ziada ya 15 inabaki 10. Anayeshonewa aombe kitambaa kiloweshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Anayenunua iliyo tayari ya pamba tupu achague yenye ziada iliyo karibu na 15 kuliko 10.

Kwa vikundi na waajiri

Kituo cha Nguo cha Kaunti ya Kitui, KICOTEC, kilichoko Syongila, kilishona barakoa mwaka wa 2020 wakati wa korona. Barakoa ya saizi moja huwatosha watu wazima wengi, na oda yake ni idadi tu. Oda ya ovaroli haiwezi kuandikwa hivyo. Anayemwandikia fundi au kiwanda "L ishirini na XL kumi" anaagiza nguo thelathini bila kujua zitamfaa nani.

Orodha inayosaidia ina mstari mmoja kwa kila mtu: jina, kimo, kifua, na nyonga zikizidi kifua. Kuwapima watu ishirini kwa utepe mmoja ni kazi ya asubuhi moja. Nguo zikifika, yule mrefu kuliko wote na yule mnene kuliko wote wavae kwanza na kuchuchumaa mbele ya mwenye kupokea, kabla ya stakabadhi kutiwa sahihi.