Soma mshahara na kituo cha kazi kabla ya kugusa wasifukazi

Kurekebisha wasifukazi ili uendane na tangazo moja la kazi huchukua jioni nzima, na katika saiba kuna gharama ya kuchapisha na kunakili vyeti. Hata hivyo, wakazi wengi huanza na kichwa cha kazi na masomo yanayohitajika, na mistari miwili yenye uzito zaidi, yaani mshahara na kituo cha kazi, huisoma mwisho.

Tuchukue mfano wa mkazi wa mji wa Kilifi ambaye ni karani wa hesabu. Analipwa shilingi 26,000 kabla ya makato, kazini anaenda kwa miguu, chakula cha mchana anakula nyumbani, na kodi ya nyumba halipi kwa kuwa anaishi kwa wazazi. Anaona tangazo la msaidizi wa mhasibu Mombasa, mshahara wa shilingi 45,000 hadi 60,000, uzoefu wa miaka mitatu hadi mitano. Yeye ana miaka mitatu.

Jambo la kwanza ni kujua atasimama wapi katika kiwango hicho. Shilingi 60,000 zimewekewa mwenye miaka mitano. Mwenye miaka mitatu apige hesabu kwa 45,000, na kikija zaidi kiwe nyongeza.

Jambo la pili ni makato. Kwa viwango vya mwaka 2025, shilingi 45,000 hukatwa NSSF 2,700, bima ya afya ya SHIF 1,237.50 na ada ya nyumba 675. Kodi ya mapato huhesabiwa kwa kinachobaki, na baada ya nafuu ya shilingi 2,400 inafika takriban 4,500. Mkononi zinabaki kama 35,890. Mshahara wake wa sasa ni mdogo kiasi kwamba nafuu hiyo huimeza kodi yote, kwa hivyo anapokea karibu 23,330. Yaani nyongeza ya shilingi 19,000 kwenye karatasi imekuwa kama 12,550 kabla hata hajapanda matatu.

Sasa kituo cha kazi. Tuseme nauli ya Kilifi hadi Mombasa ni shilingi 250 kwenda na 250 kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni 11,000. Chakula cha mchana cha shilingi 150 kinaongeza 3,300. Ukiondoa hizo 14,300, anabaki na kama 21,590, pungufu ya anachobaki nacho leo, na bado hajahesabu saa za barabarani. Akipanga chumba Mombasa kwa shilingi 8,000 nauli itashuka, lakini chakula cha jioni, maji na stima vitakuwa juu yake.

Kazi hii basi inamfaa kuanzia takriban shilingi 48,000, ambapo mifuko miwili inalingana. Hapo ana swali moja la kumuuliza mwajiri kwa simu au barua pepe: je, mwenye uzoefu wa miaka mitatu huanzia wapi? Jibu likiwa 45,000, jioni yake aiwekee tangazo jingine, isipokuwa kama kazi hiyo inampa ujuzi ambao yuko tayari kuulipia kwa miezi kadhaa. Huo ni uamuzi wa haki, mradi ajue bei yake.

Matangazo ya serikali husomwa tofauti kidogo. Kiwango kinachoandikwa mara nyingi ni mshahara wa msingi, na mwajiriwa mpya kwa kawaida huanzia chini ya ngazi. Marupurupu ya nyumba na usafiri huwa juu yake, na yale ya nyumba hutegemea kituo, ndiyo maana watu wawili wa ngazi moja hupokea pesa tofauti. Sekta binafsi nayo mara nyingi hutaja jumla, kila kitu ndani. Tangazo lisiposema, iulizwe.

Tahadhari pia na maneno ya mahali. “Eneo la Pwani” si kituo, kwani huenda ikawa Lamu au Taveta. “Safari za mara kwa mara” humaanisha kuuliza nani analipa nauli na malazi. Na kiwango kipana sana, mfano 30,000 hadi 90,000, huonyesha kuwa mwajiri bado hajaamua anataka mtu wa ngazi gani.

Hesabu ikikubali, wasifukazi nao ujibu swali la mahali mapema. Chini ya jina, mkazi huyu angeandika: “Ninaishi Kilifi; niko tayari kuhamia Mombasa.” Mwajiri anayeona anwani ya mbali bila maelezo huweza kudhani mwombaji atachelewa kila siku, na karatasi ikawekwa kando kabla ya kufikia uzoefu.