Kabla Hujabonyeza Tuma: Vidokezo 7 vya Kuupima Ujumbe kwa Msomaji Mwenye Kisirani

Mhazini wa kamati ya harusi ana kazi moja isiyo na shukrani: kuwaandikia walioahidi ambao hawajamaliza. Ujumbe wake hausomwi kikaoni soda zikiwa mezani. Unasomwa na mtu aliyesimama kwenye daladala, au anayetoka kuambiwa ada imepanda. Hapo ndipo maneno ya heri husikika kama matusi, na kesho yake utamsikia shangazi akiuliza kwa nini kamati inadhalilisha watu.

Tuchukue rasimu moja ya namna hiyo. Mwanakamati anamwandikia ndugu aliyeahidi laki moja na kulipa elfu arobaini:

"Habari ndugu. Nakukumbusha tena kuhusu mchango wa harusi ya kijana wetu. Wewe uliahidi laki moja lakini mpaka leo umetoa elfu arobaini tu. Wenzako wengi wameshamaliza. Jumamosi ni malipo, na asiyemaliza asije akailaumu kamati kuhusu kadi. Asante kwa ushirikiano."

Aliyeandika hana ubaya na mtu. Ana haraka, ana orodha ndefu, na mpishi anampigia kila asubuhi. Tuipime rasimu yake hatua kwa hatua.

1. Mchague mtu mmoja, kisha mpe siku mbaya yenye sababu

Ukijiambia "msomaji anaweza kukasirika", hutaona kitu. Mwone mtu kamili. Huyu ndugu amelipa elfu arobaini kwa kujikamua. Mwanawe anaanza kidato cha kwanza na orodha ya mahitaji ya shule iko mfukoni. Mkewe alimwonya tangu mwanzo kwamba ahadi ya laki ni kubwa. Sasa simu inaita, na kwenye kioo yanatokea maneno ya mwanzo tu: "Habari ndugu. Nakukumbusha tena..."

Ameshaudhika kabla hajafungua. Neno "tena" limemwambia kwamba anahesabiwa makosa. Kwa hiyo jambo la kwanza la kupima ni ule mstari unaoonekana simu ikiwa bado imefungwa. Ukiwa na sumu, yote yanayofuata yatasomwa kwa sumu hiyo.

2. Isome kwa sauti ya mtu asiyekupenda

Ukiisoma rasimu yako kimoyomoyo, unaisikia kwa sauti yako mwenyewe, yenye upole ulioukusudia. Msomaji hana sauti hiyo. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao, walichapisha majaribio yao kuhusu jambo hili. Watu waliandika barua pepe, nyingine za kweli na nyingine za kejeli, kisha wakakadiria kama msomaji angetambua ipi ni ipi. Walitarajia atapatia karibu mara 78 katika kila 100. Alipatia mara 56, yaani afadhali kidogo tu ya kubahatisha.

Katika jaribio jingine la watafiti haohao, waandishi waliosoma ujumbe wao kwa sauti iliyo kinyume na walichokusudia walipunguza kule kujiamini kupita kiasi. Fanya hivyohivyo. Simama, soma "mpaka leo umetoa elfu arobaini tu" kwa sauti ya mama mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi mitatu. Kama sentensi inaikubali sauti hiyo bila kukwama, basi msomaji mwenye kisirani ataisikia hivyo. Jaribu na hii: "Elfu arobaini yako tuliipokea, asante." Kuisoma kwa hasira kunahitaji juhudi. Sentensi inayokataa kusomwa kwa hasira ndiyo unayoitafuta.

3. Weka alama kwanza, usirekebishe

Ukianza kurekebisha papo hapo utabadilisha neno moja, utaridhika, na mwiba mkubwa utabaki. Pita rasimu nzima ukipigia mstari kila mahali ambapo yule ndugu angesema "Eti nini?" Kisha jiulize kila alama ni ya aina gani. Katika ujumbe wetu zipo tatu.

Ya kwanza ni hukumu: "Wewe uliahidi." Ya pili ni kulinganishwa: "Wenzako wengi wameshamaliza." Mwandishi alitaka kumpa moyo kwamba shughuli inakwenda vizuri, msomaji anasikia kwamba jina lake limejadiliwa kikaoni. Ya tatu ni kitisho: "asije akailaumu kamati." Hukumu dawa yake ni kutaja jambo bila mtu. Kulinganishwa hakuna dawa, kufute. Kitisho kigeuze kuwa utaratibu unaoeleweka, na tutakifikia kwenye kidokezo cha 6.

4. Chunguza vineno vidogo

Mara nyingi ugomvi hauko kwenye kiasi cha fedha. Uko kwenye vineno ambavyo mwandishi hakumbuki hata kuviandika. "Uliahidi laki moja" ni taarifa. Ongeza "wewe" mwanzoni na sasa kidole kimenyooshwa. "Umetoa elfu arobaini" ni hesabu. Ongeza "tu" mwishoni na umeidharau fedha iliyotolewa kwa shida. "Mbona hujatuma?" si sawa na "Umeshatuma?" Na "tuma hata elfu kumi" humfanya mtu mzima ajione ombaomba, ingawa aliyeandika alidhani anampunguzia mzigo.

Angalia pia adabu zilizokaa mahali pabaya. "Asante kwa ushirikiano" baada ya kitisho ni kijembe, na "Ubarikiwe" baada ya karipio ni kijembe zaidi. Shukrani ipelekwe mwanzoni, kwa jambo ambalo mtu amekwisha kulifanya.

5. Ziba mianya kabla hajaiziba yeye

Mtu mwenye moyo mzito akikuta jambo halijaelezwa, hulijaza kwa maelezo mabaya kuliko yote. Rasimu inasema "Jumamosi ni malipo". Malipo ya nini? Kwa nini Jumamosi? Asipoambiwa, atasema kamati inataka fedha za posho. Mwambie ni mpishi na mwenye ukumbi wanaolipwa siku hiyo, na maswali yamekwisha.

Mwanya mkubwa zaidi ni huu: je, afanye nini asiyeweza? Rasimu haimpi njia yoyote isipokuwa kulipa yote au kunyamaza, naye atanyamaza. Wengi wanaokwepa simu za wahazini wameona aibu kusema hawana. Mfungulie mlango kwa sentensi moja: aseme kiasi atakachoweza na siku, mpange.

6. Ondoa kinachosikika vibaya, acha kilicho kigumu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakishaingiwa na hofu ya kuudhi, wanaandika "tulikuwa tunaomba kama itawezekana, ukipata nafasi, utufikirie". Ndugu anasoma, anaona hakuna haraka, anafunga simu. Jumamosi mpishi yuko mlangoni.

Kwa kila alama uliyoweka jiulize: uchungu huu unatoka kwenye jambo lenyewe au kwenye namna nilivyolisema? Kwamba zimebaki elfu sitini ni jambo lenyewe. Liseme kwa tarakimu. Tarehe ya mwisho ni jambo lenyewe. Iseme na siku yake. Kama kamati ilikubaliana kwamba kadi ya watu wawili inatolewa mchango ukikamilika, huo nao ni ukweli, na kumficha ni kumtega aaibike mlangoni pa ukumbi. Lakini "asije akailaumu kamati" ni namna ya kusema. Andika "kadi ya watu wawili inatolewa mchango ukikamilika" na umebaki na sharti lilelile bila kumtunishia mtu misuli.

7. Pima tena kwa mtu mwingine mwenye shida tofauti

Ukishamtuliza mwenye hasira, mlete mwenye aibu, kisha mlete yule aliyelipa jana usiku na fedha yake hujaiandika kwenye daftari. Huyu wa mwisho ndiye hatari kuliko wote, kwa sababu ana haki. Akidaiwa alicholipa, kesho picha ya muamala itakuwa kwenye kundi la ukoo, na maelezo yako yatafuata nyuma yakihema. Sentensi moja inamtosha. Baada ya raundi zote, rasimu yetu inasomeka hivi:

"Habari za jioni, kaka. Elfu 40 ya mchango wa harusi ya kijana wetu tuliipokea, asante sana. Kwenye daftari la ahadi imebaki elfu 60. Jumamosi tarehe 20 tunamlipa mpishi na mwenye ukumbi, kwa hiyo tunaomba ifike kabla ya Ijumaa tarehe 19 jioni. Kadi ya watu wawili inatolewa mchango ukikamilika. Kama umeshatuma na mimi sijaiona, nitumie ujumbe wa muamala niiandike. Kama kwa sasa ni vigumu, niambie kiasi na siku utakayoweza, tupange."

Ujumbe umerefuka, na urefu huo una kazi: kila sentensi iliyoongezwa inajibu swali ambalo msomaji angejijibu vibaya. Usitume nakala moja kwa orodha nzima bila kubadilisha kiasi na salamu. "Kaka" akiwa ni baba mdogo, kazi yote imeharibika kwenye neno la nne. Na usiutume kwenye kundi. Deni lililotajwa mbele ya watu themanini halina maneno mazuri.

Jaribio hili lina mpaka wake. Ukipita raundi mbili na sentensi ileile bado inauma, acha kuipiga msasa. Pengine mtu huyo ana msiba, au mna kinyongo cha zamani ambacho hakuna koma itakayokiponya. Hapo piga simu, au mwombe mwanakamati aliye karibu naye ampitie nyumbani. Kwa waliobaki, andika usiku, pima asubuhi, na tuma mtu akiwa ameshakula.