Kwa nini neno la kwanza la idafa huvuliwa al na tanwini?

*Nasoma Kiarabu madrasani Garissa. Niliandika al-baabu l-madrasati, mlango wa madrasa, nikakosolewa. Mlango si unajulikana? Mbona al iondolewe?*

Mlango unajulikana kweli, ila ujulisho hutoka kwa neno la pili, hivyo al ya kwanza ingerudia kazi. Ushahidi ni sifa: baabu l-madrasati l-kabiru, mlango mkubwa wa madrasa. Kabiru ina al na irabu ya u, kwa kufuata baabu.

Utauliza: basi tanwini ingebaki pale neno la pili lisipojulikana? La, husemwa baabu madrasatin, mlango wa madrasa fulani. Tanwini hutangaza kuwa jina limekamilika, na hapa bado halijakamilika. Neno la pili ndilo hulimalizia. Ndiyo maana hata nuni ya wingi huanguka: muallimuna huwa muallimu l-madrasati.

Ukikusudia mlango mmojawapo wa madrasa inayojulikana, acha idafa, useme baabun lil-madrasati. Kabla ya kukabidhi daftari, kagua neno la kwanza: lisiwe na al wala tanwini. Sentensi yenye sifa ikikutatiza, mpelekee ustadhi wako.