MADA: KUTOFAUTISHA GAUNI LA KUPISHANISHA, GAUNI LA SHATI NA GAUNI LA MWAMVULI

Katika mada hii utajifunza kutambua aina tatu za magauni kwa kutazama mambo matatu: namna gauni linavyofungwa, mshono wa kiuno, na umbo la sketi. Fuata mpangilio huo huo. Watahiniwa wengi hukosea kwa sababu huanza na mkanda, na mkanda unaweza kuwekwa kwenye gauni lolote.

Maelezo mafupi

*Gauni la kupishanisha* hufungwa kwa kamba. Mbele lina vipande viwili vinavyopandana, kama unavyovaa kanga kiunoni. Ukifungua kamba, gauni lote huachana kuanzia shingoni hadi kwenye pindo. Kwenye mshono wa ubavuni huachwa tundu dogo la kupitishia kamba ya kipande cha ndani. Gauni la namna hii lilipata umaarufu mkubwa mwaka 1974, mbunifu Diane von Furstenberg alipolitoa Marekani kwa kitambaa cha jezi.

*Gauni la shati* hufungwa kwa vifungo katikati ya mbele, nalo huwa na kola kama ya shati. Vipande vya mbele hupandana kidogo tu, kiasi cha sentimita 2 hadi 3. Mshono wa kiuno unaweza kuwepo au usiwepo, kwa hiyo usiutumie peke yake kutoa jibu. Sketi yake mara nyingi huwa imenyooka.

*Gauni la mwamvuli* hubana kifuani na kiunoni, kisha sketi hutanuka. Mara nyingi lina mshono wa kiuno, kwa sababu sehemu ya juu na sketi hukatwa kwa maumbo tofauti. Hufungwa kwa zipu ya mgongoni au ubavuni. Zipu hiyo huvuka kiuno na kuishia nyongani, maana bila hivyo kiuno chembamba hakitapita mabegani wala nyongani.

Mfano uliofanyiwa kazi

Dada yako, mkazi wa Kwashemshi, ananyonyesha. Amekutuma gulioni umnunulie gauni la mtumba linalofunguka mbele. Kiuno chake ni sentimita 70. Umepata magauni matatu, na yote yana mkanda.

Gauni A: lina kola na vifungo kutoka shingoni hadi kwenye pindo. Halina mshono wa kiuno.

Gauni B: halina vifungo wala zipu. Ukilitandaza wazi, kiuno chake ni sentimita 105 kutoka ukingo hadi ukingo.

Gauni C: kifuani vipande viwili vimepandana. Lina zipu ubavuni na mshono wa kiuno. Kiuno ni sentimita 70 na pindo ni sentimita 258.

*Jibu*

Gauni A ni la shati. Vifungo na kola vinatosha kulithibitisha.

Gauni B ni la kupishanisha. 105 − 70 = 35, yaani sentimita 35 hupandana. Hiyo ni nusu ya kiuno, hivyo mbele yote ina tabaka mbili na halitaachana akikaa.

Gauni C ndilo la mtego. Fungua mkanda wake na ujaribu kutenganisha vipande vya kifuani. Havitengani chini, kwa sababu vimeshonewa pamoja kwenye mshono wa kiuno. Pindo ni karibu mara 3.7 ya kiuno, kwa hiyo sketi imetanuka sana. Hili ni gauni la mwamvuli lililopambwa kwa kupishanisha kifua.

Kwa hiyo, dada atafaa A au B. Kiuno chake kikiongezeka hadi sentimita 80, B bado litapandana kwa sentimita 25. A likiwa linamtosha kwa kubana, vifungo vitaanza kuvutana na kuacha mianya kifuani. C halitafunga zipu.

Angalia makosa haya

1. Kuandika "la kupishanisha" kwa kuona kifua kilichopandana tu. Hakikisha kwanza kwamba sketi nayo inafunguka hadi chini.
2. Kuandika "la mwamvuli" kwa sababu mkanda umekaza kiuno. Vua mkanda kwanza, kisha tazama kama umbo linabaki.

Zoezi

Gauni lina kola, vifungo kutoka shingoni hadi kwenye pindo, mshono wa kiuno na sketi iliyotanuka. Ni la aina gani? Toa sababu mbili.

*Mwongozo wa jibu:* Ni gauni la shati lenye sketi ya mwamvuli. Kwanza, linafungwa kwa vifungo katikati ya mbele na lina kola. Pili, mshono wa kiuno na sketi iliyotanuka haviliondoi kwenye kundi hilo. Vinaeleza tu umbo la sehemu yake ya chini.