Kutambua makundi ya seli kwenye grafu ya CD45 na SSC: kutoka hesabu ya CD4 hadi utambuzi wa lukemia

Grafu ya CD45 na SSC ni miongoni mwa za kwanza kufunguliwa maabara inapotafuta lukemia kwa saitometria ya mtiririko. Kila nukta ni seli moja iliyopita mbele ya leza. Mhimili wa mlalo unaonyesha kiasi cha CD45, protini iliyo juu ya utando wa chembe nyeupe za damu, ambayo kwa kawaida ni hafifu katika seli changa. Mhimili wa wima, SSC, unaonyesha mwanga uliotawanyika pembeni: seli iliyojaa chembechembe ndani hutawanya mwanga mwingi, na seli iliyo tupu hutawanya kidogo. Seli za aina moja huangukia sehemu moja, na makundi ya nukta hujitokeza yenyewe.

Maabara nyingi za Afrika Mashariki na Kati zimeizoea grafu hii kupitia VVU. Mashine kama FACSCalibur, inapohesabu CD4 kwa mchanganyiko wa kingamwili nne (CD3, CD8, CD45 na CD4), hutumia CD45 yenye rangi ya PerCP kutenga limfosaiti. Kwa hiyo mtu wa maabara wa Bukavu aliyefanya kazi ya CD4 ana msingi wa kutosha wa kusoma lukemia. Ila hesabu ya CD4 humfundisha kutazama kona moja tu ya grafu, na mpangilio wa mashine unaofaa kwa CD4 unaweza kuzifuta seli ambazo lukemia huonekana kwazo.

Ramani ya kawaida

Usomaji huanza na makundi yasiyo na shaka. Limfosaiti zilizokomaa hukaa chini kulia: CD45 yake ni kali kuliko zote na SSC ni ndogo, hivyo hufanya kundi dogo lililobanana. Juu yake kidogo, na mara nyingi kushoto kwake kidogo, hukaa monosaiti. Juu kabisa hutanda granulosaiti, ambazo CD45 yake ni ya wastani na SSC ni kubwa kwa sababu ya chembechembe zake. Eosinofili huwa kwenye kimo hichohicho, lakini husogea kulia kuliko nyutrofili.

Kushoto kabisa, pasipo na CD45, huwa chembe nyekundu changa zenye kiini, chembe nyekundu ambazo hazikuyeyuka, chembe sahani na vipande vya seli zilizovunjika. Kati ya sehemu hiyo na limfosaiti, chini kwenye SSC ndogo, kuna uwazi wenye nukta chache tu. Hapo ndipo blasti hukaa. Katika damu ya mtu mzima asiye na ugonjwa, eneo hilo huwa karibu tupu. Katika uboho huwa na nukta chache za seli changa za kawaida.

Limfosaiti ndizo dira ya ramani yote. CD45 ya blasti huitwa hafifu kwa kulinganishwa na limfosaiti za mgonjwa huyohuyo ndani ya mrija huohuo, si kwa namba iliyosomwa kwenye mhimili. Mashine mbili zinaweza kutoa namba tofauti kwa sampuli moja, lakini mpangilio wa makundi hubaki vilevile.

Kizingiti cha mashine

Katika mpangilio wa CD4, kizingiti cha kukusanya matukio mara nyingi huwekwa kwenye CD45 yenyewe. Seli isiyofikia kiwango fulani cha CD45 hairekodiwi kabisa, na kwa CD4 hilo ni jema, kwani chembe nyekundu na takataka huachwa nje. Kwa lukemia ni hatari. Blasti za lukemia ya limfoblasti B mara nyingi huwa na CD45 hafifu mno, na kwa baadhi ya wagonjwa huikosa kabisa. Kizingiti hicho huziacha nje pamoja na takataka, na faili huonyesha damu yenye limfosaiti na granulosaiti chache, kana kwamba uboho umechoka tu.

Kwa ajili ya lukemia, kizingiti huhamishiwa kwenye FSC, yaani mwanga wa mbele unaokadiria ukubwa wa seli, na huwekwa chini kiasi cha kuruhusu hata limfoblasti ndogo. Takataka zitaongezeka upande wa kushoto, nazo hutengwa baadaye kwenye skrini. Tukio lililorekodiwa bila sababu linaweza kufutwa wakati wa uchambuzi, lakini lisilorekodiwa haliwezi kurudishwa.

Sampuli kabla ya grafu

Damu huchukuliwa kwenye mrija wa EDTA, na uboho kwenye EDTA au heparini. Hukaa kwenye joto la kawaida la chumba, bila kugandishwa, na ni bora zipimwe ndani ya saa 24 hadi 48. Kwa sampuli inayosafirishwa kutoka Bukavu kwenda nje ya mkoa, saa za barabara na za mpaka huhesabiwa ndani ya muda huo. Granulosaiti ndizo hufa mapema: kundi lake hupoteza SSC, hushuka na kutawanyika kuelekea sehemu ya monosaiti na blasti. Seli zilizokufa pia hunasa kingamwili ovyo, na dalili yake ni nukta zenye FSC ndogo zinazong'aa kwa rangi zote kwa pamoja, hata kwa kingamwili zisizoweza kukaa kwenye seli moja. Rangi ya 7-AAD huingia kwenye seli zilizokufa na kuziweka wazi.

Dosari nyingine hutokana na kuyeyusha chembe nyekundu. Chembe nyekundu za mgonjwa wa siko seli na za mtoto mchanga zinaweza kukaidi dawa ya kuyeyushia, na kwa kuwa siko seli ipo sana mashariki ya Kongo, jambo hili si geni kwenye labo za huko. Huonekana kama kundi kubwa lisilo na CD45, lenye SSC ndogo, lililo karibu na mahali pa blasti. Ili kuzitofautisha, mrija huongezewa kingamwili ya CD235a, ambayo hushika chembe nyekundu na haishiki limfoblasti.

Mfano: mtoto wa miaka 6

Chukua mfano wa mtoto wa miaka 6 aliyeletwa hospitali ya Bukavu akiwa na homa ya majuma kadhaa, weupe wa macho na viganja, na madoa ya damu ngozini. Amekwisha kutibiwa malaria bila nafuu. Hemoglobini ni gramu 5.8 kwa desilita, chembe sahani 22,000 na chembe nyeupe 38,000 kwa mikrolita. Kioo kilichopakwa rangi ya Giemsa kinaonyesha seli za duara zenye kiini kikubwa na saitoplazimu kidogo isiyo na chembechembe.

Hatua ya kwanza ni kuondoa seli zilizoshikana mbilimbili kwa grafu ya eneo na kimo cha FSC, ambako seli moja moja hufuata mstari wa mshazari na zilizoshikana hutoka pembeni yake. Hatua ya pili ni grafu ya CD45 na SSC. Limfosaiti hujitokeza chini kulia, asilimia 14 ya chembe zote zenye kiini. Granulosaiti ni asilimia 9 na monosaiti ni 2. Uwazi wa kati umejaa: kundi moja zito, SSC ndogo, linaanzia kwenye CD45 hafifu na kurefuka kushoto hadi kwenye eneo lisilo na CD45.

Hapo huja kishawishi cha kuchora geti la mraba kuzunguka CD45 hafifu na kuishia hapo. Njia salama ni kurudi nyuma kwa kutumia kingamwili nyingine. Nukta zote zenye CD19 hupakwa rangi moja kwenye skrini, kisha grafu ya CD45 na SSC hutazamwa upya. Kwa mtoto huyu, rangi hiyo inafunika kundi lote, pamoja na mkia ulioingia kwenye eneo la chembe nyekundu changa. Geti linapochorwa upya kufuata umbo hilo, kundi linafika asilimia 71. Asilimia 4 zilizobaki ni chembe nyekundu changa zenye CD235a.

Hatua ya tatu ni kusoma seli za kundi hilo. Zina CD19, CD10 na CD34, na ndani yake CD79a, wala hazina CD3 wala mieloperoksidasi. Limfosaiti zilizo chini kulia nyingi ni seli T zenye CD3 ya kawaida, na huwa ushahidi kwamba kingamwili zilifanya kazi. Hiyo ni lukemia ya limfoblasti B, na inaafikiana na kilichoonekana kwenye kioo. Grafu na kioo vikipingana, sampuli hurudiwa kabla ya jibu kutoka.

Mahali ambapo ramani inapotosha

Si kila kilicho kwenye eneo la blasti ni lukemia. Uboho wa mtoto, hasa unaojijenga upya baada ya maambukizi au dawa za saratani, huwa na seli B changa za kawaida zenye CD19 na CD10. Zinatofautishwa kwa umbo. Seli za kawaida huchora njia iliyopinda, CD45 ikiongezeka hatua kwa hatua huku CD10 ikipungua na CD20 ikipanda. Seli za lukemia hukusanyika pamoja, kana kwamba zimesimama kwenye hatua moja. Basofili nazo huangukia kati ya blasti na limfosaiti, lakini zina CD123 kali bila HLA-DR.

Vilevile, si kila lukemia hukaa kwenye eneo la blasti. Katika lukemia ya promielosaiti, seli zina chembechembe nyingi na hupanda hadi kwenye eneo la granulosaiti. Mgonjwa anayevuja damu, mwenye kundi moja zito mahali hapo lenye CD33 kali bila CD34 wala HLA-DR, anahitaji daktari apigiwe simu palepale, maana ugonjwa huo huua kwa kuvuja damu ndani ya siku chache na una dawa yake mahususi. Limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa na Denis Burkitt huko Kampala mwaka 1958, inapoingia kwenye damu na uboho huwa na CD45 kali na hukaa karibu na limfosaiti, ila FSC yake ni kubwa. Ina CD19 na CD10 kama lukemia ya mtoto wa mfano, lakini haina CD34, na seli zake zote hubeba mnyororo mwepesi wa aina moja, kapa au lamda. Lukemia sugu ya limfosaiti haitoki kabisa kwenye kundi la limfosaiti. Huonekana tu kundi hilo limekuwa kubwa, na CD5 ikisomwa pamoja na CD19 ndiyo huifichua.

Kwa sababu hiyo, jibu la maabara huandikwa kwa kutaja kundi lilipo, ukubwa wake kwa asilimia ya chembe zote zenye kiini, na kingamwili zilizoshika na zisizoshika. Daktari akipata mambo hayo matatu, pamoja na kioo, anaweza kuamua matibabu. Akipata asilimia peke yake, hajui ni seli gani zilizohesabiwa.