Karatasi ya Solfa Mbele ya Akili Mnemba

Mwalimu wa kwaya aweza leo kuipiga picha karatasi ya solfa na kuiagiza akili mnemba iinakili. Maneno ya wimbo huyasoma vema. Shida i katika alama ndogo. Tazameni kipimo hiki cha mapigo manne: d : m : s : d'. Nukta pacha hutenga mapigo, na kialama kilicho juu ya d ya mwisho huifanya do ya juu. Kivuli kikiifunika nukta pacha, mapigo hubaki matatu. Mwenye kuhesabu atatambua. Lakini kialama kikipotea, hesabu yatimia, na waimbaji washuka palipopasa kupanda. Kosa hilo halionekani ila nakala iimbwe kando ya karatasi yenyewe, kabla haijagawiwa kwaya.